Kinachooza na Kinachodhuru: Namna ya Kuisoma Picha ya Friji

Picha ya friji iliyo wazi huonyesha mambo mawili vizuri sana: kuna nini ndani, na kila kitu kimekaa wapi. Mambo mengine mawili haiyaonyeshi kabisa, yaani kila kitu kimekaa muda gani, na kimekaa kwenye joto kiasi gani. Tatizo ni kwamba uamuzi wa kipi kiliwe kwanza, kipi kikae na kipi kitupwe hutegemea zaidi hayo mawili yasiyoonekana. Anayepanga chakula kwa kuitazama picha peke yake hukosea kwa namna ile ile kila mara: hutupa kilichonyauka na kubakiza kinachong'aa.

Kupiga picha friji au stoo kumekuwa jambo la kawaida kwa sababu nyepesi tu. Mtu yuko sokoni hakumbuki kama nyanya zimebaki, anafungua simu anatazama. Wenye viwanda walikwisha kuliona hilo. Samsung walipotoa friji yao ya Family Hub mwaka 2016, waliitia kamera ndani zinazopiga picha kila mlango unapofungwa, ili mwenye nyumba aitazame akiwa dukani. Simu ya mkononi hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama hiyo, tena ina faida moja kubwa, maana anayepiga anaweza kusogeza vitu. Kamera iliyofungwa mahali pamoja huona kilicho mbele, na chakula kinachosahaulika huwa nyuma. Hata programu za kutambua vyakula pichani hazikwepi mpaka huu. Nyanya zitazijua kuwa nyanya, lakini sufuria yenye mfuniko ni sufuria tu, na hakuna programu inayojua wali uliomo ulipikwa lini.

Ili kuona kwa nini macho hudanganya, lazima tutenganishe kuoza na kudhuru. Vijidudu vinavyoozesha chakula hujitangaza: huleta harufu, utelezi, rangi mbaya, uchachu. Chakula vilichokishika hakipendezi, lakini mara nyingi mtu hukikataa kabla hakijamfikia tumboni. Vingi kati ya vijidudu vinavyoleta ugonjwa havina ustaarabu huo. Huzaliana kwenye chakula kikabaki na sura, harufu na ladha yake ya jana. Wataalamu wa usalama wa chakula hawaanzi kwa kuuliza kinanukaje. Huuliza kilikaa saa ngapi kati ya nyuzijoto 5 na 60, kwa sababu ndani ya kiasi hicho cha joto ndimo bakteria wengi wanamostawi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzijoto 5.

Kwa hiyo mafungu yetu matatu hayapangwi kwa ushahidi wa aina moja. Fungu la kula kwanza picha hulipanga vizuri, kwa kuwa kunyauka, kulainika na kuiva kupita kiasi ni mambo ya macho. Fungu la kukaa hutegemea aina ya chakula na maandishi ya kwenye pakiti. Fungu la kutupa hutegemea historia, na historia haipigwi picha, huulizwa.

Tuchukue friji moja ya Tanga. Jumamosi saa 1 asubuhi binti wa kaka yangu alinitumia picha ya friji yao, na nyingine ya stoo. Nyumba ina watu sita, na mmoja wao, mke wa kaka yake, ni mjamzito. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Shikamoo shangazi. Naenda sokoni. Nitupe nini?"

Rafu ya juu ilikuwa na sufuria ya wali wa nazi, bakuli la maharage lililofunikwa kwa sahani, na pakiti ya maziwa ya muda mrefu iliyokatwa pembe. Ya kati ilikuwa na mchicha uliolala ndani ya mfuko, nyanya tano zilizoanza kukunjamana, karoti zinazopindika, na nusu ya tikitimaji. Ya chini ilikuwa na vibua kwenye mfuko, macho maangavu, ngozi inang'aa kama vimetoka majini wakati huo huo. Mlangoni kulikuwa na mayai, chupa ya tomato na pakiti ya soseji.

Yeye mwenyewe alikwisha kuhukumu. Mchicha, nyanya na karoti ni vya kutupa. Vibua vikae hadi Jumapili, wageni watakuja. Wali utapashwa moto kwa chai.

Nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Usitupe kitu kwanza. Umeme ulikatika? Wali ulipikwa lini, ukaingia friji saa ngapi? Na hao samaki walinunuliwa saa ngapi?"

Majibu yake yalipindua karibu kila kitu. Umeme ulikatika Ijumaa saa 2 usiku ukarudi saa 5, na mlango haukufunguliwa kwa kuwa wote walikuwa arusini. Hilo halikunitisha. Friji iliyofungwa vizuri huhifadhi ubaridi kwa muda wa kama saa 4 baada ya umeme kukatika, na friza iliyojaa huweza kufika saa 48 ikiachwa bila kufunguliwa. Saa 3 za kukatika kwa mlango uliofungwa hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye majibu mengine mawili.

Wali ulipikwa Alhamisi jioni, ukabaki jikoni ndani ya sufuria usiku kucha, ukaingizwa friji asubuhi ya Ijumaa. Hapo nitakosana na wasomaji wengi, maana kiporo cha wali na chai ni kifungua kinywa cha pwani tangu zamani, na wengi wamekila maisha yao yote wakiwa wazima. Sisemi kila kiporo kinaumiza. Nasema jambo linaloleta madhara linajulikana vizuri. Mchele mbichi hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake ngumu hazifi kwa kuchemshwa. Sufuria kubwa ya wali iliyofunikwa hupoa polepole sana katikati, na katika uvuguvugu ule mbegu huchipua, bakteria huzaliana, na aina nyingine hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiki kwa kupashwa moto. Watu husema "nitauchemsha vizuri", na hapo ndipo hesabu inapokosewa, kwa kuwa moto huua bakteria ukaiacha sumu waliyokwisha kuitoa. Anayeipata huanza kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula, na wengi huilaumu nazi.

Pichani wali ule ulikuwa mweupe, mzuri, haujachacha. Ukaenda kwenye fungu la kutupa. Ungewekwa kwenye sinia ukatandazwa mara baada ya chakula, ukapoa ndani ya saa 1, ukaingia friji kwenye chombo kifupi, asubuhi ya Ijumaa ungekuwa kiporo salama cha kupasha mara moja ukaliwa ukaisha. Tofauti yote iko katika saa 12 ambazo hakuna kamera iliyozishuhudia.

Vibua ndivyo vilivyoniuma. Vilinunuliwa Ijumaa saa 3 asubuhi, vikakaa kwenye mfuko chini ya meza kazini, bila barafu, hadi saa 11 jioni. Saa 8 za joto la Tanga. Vibua, jodari na jamii yao wana kiasi kikubwa cha kemikali ya asili iitwayo histidini ndani ya nyama. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria hugeuza histidini hiyo kuwa histamini, na histamini ikishatokea haiondolewi kwa kukaanga, kupaka, kukausha wala kugandisha. Mlaji huwaka uso, moyo humwenda mbio, kichwa humgonga, ngozi humtoka vipele, mara nyingi ndani ya saa 1. Akipona husema ana aleji ya samaki, kumbe wiki inayofuata anakula samaki huyo huyo akiwa mbichi wa barafuni na hapati kitu. Dalili kidogo iliyopo ni ladha ya kuwasha kama pilipili ulimini, ila si kila mara, na wakati huo umekwisha kutafuna.

Macho maangavu na ngozi ya kung'aa ni kipimo kizuri cha samaki pale pwani, anapotoka mashuani. Kwa samaki aliyekwisha kushinda kwenye mfuko kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu histamini haiui mng'ao. Tena taa nyeupe ya friji na mwako wa simu juu ya nailoni huongeza mng'ao ambao hata haupo. Vikaenda kutupwa, ingawa ndicho kitu ghali kuliko vyote pichani. Binti aliniuliza kama paka angeweza kula. Nikamwambia asimpe.

Sasa tuje kwa vile alivyotaka kuvitupa. Mchicha uliolala umepoteza maji, basi. Kama majani hayajateleza wala kugeuka meusi, ukilowekwa kwenye maji baridi kwa dakika chache huinuka, na hata usipoinuka, chunguni hakuna atakayejua. Karoti inayopindika ni hivyo hivyo. Nyanya zilizokunjamana zilikuwa tayari kwa mchuzi kuliko zile ngumu ambazo angezinunua siku hiyo. Vyote hivyo vitatu ndilo fungu la kula kwanza, na hapa picha ilifanya kazi yake sawasawa: alichokiona ni kweli, ila alikitafsiri vibaya. Kunyauka ni saa inayokwambia haraka, haikwambii hatari. Mipaka ipo. Utelezi, maji yanayovuja, au ukungu kwenye kitu laini kama nyanya, mkate au embe bivu, hicho hutupwa kizima, kwa kuwa mizizi ya ukungu hupenya ndani kuliko inavyoonekana. Kitu kigumu kama karoti au kabichi chenye doa dogo la ukungu kinaweza kukatwa, mradi ukate upana wa kama sentimita 2.5 kulizunguka doa, na kisu kisiguse ukungu wenyewe.

Maharage yalipikwa Alhamisi mchana yakaingia friji kabla hayajafikisha saa 2. Yaliongoza fungu la kula kwanza: siku hiyo hiyo, yakichemka hadi yatokote yote, si kupashwa pembeni tu. Kipimo cha kawaida cha chakula kilichopikwa ni siku 3 hadi 4 ndani ya friji inayofanya kazi. Kwa friji ambayo haijulikani ina nyuzijoto ngapi, mimi huishia siku 2.

Maziwa yalitupeleka kwenye maandishi. Alinitumia picha ya tarehe iliyopigwa muhuri wa vidoti, na kwa ile picha tarakimu ingeweza kuwa 3 au 8. Hilo ni tatizo la kila siku, wala haliponi kwa kukuza picha. Pakiti igeuzwe kwenye mwanga wa dirishani, ipigwe kwa karibu bila mwako wa simu. Lakini hata tarehe ingesomeka isingesaidia, kwa kuwa tarehe ile ni ya pakiti iliyofungwa. Maziwa ya muda mrefu yakishakatwa pembe huwa maziwa kama mengine, na huhesabiwa siku chache tangu yafunguliwe. Yalifunguliwa Alhamisi, yanywewe Jumamosi.

Kuhusu tarehe zenyewe, kanuni za kimataifa za lebo za Codex, zilizorekebishwa mwaka 2018, hutenganisha aina mbili: ile ya ubora, inayosema kitu ni kizuri zaidi kabla ya siku fulani, na ile ya mwisho wa matumizi, ambayo baada yake kisiliwe kwa usalama. Biskuti, tambi au majani ya chai yaliyopita tarehe ya ubora huenda yamepungua ladha tu. Kwenye bidhaa nyingi za madukani kwetu huandikwa EXP bila ufafanuzi, na hapo lazima mtu atumie akili ya aina ya chakula: kikavu au kibichi, kimefungwa au kimefunguliwa. Tena zawadi inayotoka kwa ndugu aliyeko Marekani huenda ikawa na mwezi mbele ya siku, na 08/10 ikasomwa Oktoba kumbe ni Agosti.

Stoo ni rahisi kuliko friji, isipokuwa mahali pamoja. Mchele, sukari, chumvi, dengu kavu, asali na makopo yaliyofungwa hukaa, na picha inatosha kuvipanga. Fukusi kwenye mchele si sumu. Hupepetwa na kuoshwa, na kinachopotea ni hamu zaidi kuliko afya. Kopo lililovimba hutupwa bila kufunguliwa. Kwa hilo apige picha ya ubavuni, kwa sababu uvimbe hauonekani ukilitazama kopo kwa mbele.

Mahali pagumu ni mahindi na karanga. Ukungu wa shambani na ghalani hutoa sumukuvu, ambayo haina rangi inayoonekana kwa macho, haina harufu, na haiishi kwa kupikwa kwa kawaida. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Punje zikiwa nzima, picha iliyopigwa kwa karibu husaidia kidogo. Kuchambua na kutoa zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukusanyika kwenye punje chache mbovu. Zikishasagwa, nafasi hiyo imekwisha. Unga mweupe kwenye picha ni unga mweupe tu. Karanga za binti zilikuwa nzima, zikachambuliwa, zilizosinyaa zikatupwa. Unga wa sembe niliuliza ulikotoka na kama umekaa pakavu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuuliza.

Je, picha inaweza kufundishwa kusema muda? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na hapa ndipo zoezi zima linapopata faida. Njia ya kwanza ni kuandika kabla ya kupiga: kipande cha plasta kwenye bakuli, kalamu, siku na saa chakula kilipoingia. Ya pili ni kupiga picha siku ile ile kila wiki, rafu moja moja, vya mbele vikishasogezwa, kisha kuilinganisha na ya wiki iliyopita. Picha moja haina saa, lakini mbili zinayo. Kitu kilichoko pale pale kwenye picha zote mbili kina angalau siku saba, hata kama hakuna anayekumbuka kilivyofika. Kwa mabaki yaliyopikwa hiyo peke yake ni hukumu ya kutosha.

Joto nalo laweza kuingizwa kwenye picha. Kipimajoto cha bei nafuu kilichotiwa kwenye glasi ya maji rafu ya kati husomeka pichani, na maji hayayumbi kama hewa kila mlango unapofunguliwa. Kwa friza iko mbinu ya sarafu. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kirudishe ndani. Ukirudi safari ukaiona sarafu imezama chini na barafu imeganda juu yake, friza iliyeyuka kabisa ikaganda tena, na nyama ile yenye sura ya kawaida imepitia joto ambalo hukulijua. Sarafu ikiwa juu bado, haikuyeyuka hadi chini. Haikwambii kama barafu ililainika kidogo, kwa hiyo isichukuliwe kama cheti.

Kuna kitu kingine ambacho hakimo pichani, nacho ni mlaji. Soseji za mlangoni zilifunguliwa Jumatano, ziko ndani ya wiki moja, na kwa watu watano wa nyumba ile zingekaa. Lakini bakteria wa listeria huendelea kuzaliana hata kwenye ubaridi wa friji, hana harufu, na kwa mjamzito anaweza kuharibu mimba hata kama mama mwenyewe hakuugua sana. Tikitimaji lilikuwa limekatwa na muuzaji Alhamisi, kwa kisu kilichokata mangapi siku hiyo hatujui, nalo haliwezi kuchemshwa. Nikamwandikia: "Soseji wifi yako asizile hivi hivi, zichemshwe mpaka zitoe moshi, na ziishe leo. Tikiti mle nyinyi leo, yeye mnunulie zima, lioshwe kabla ya kukatwa." Akajibu kwamba wifi alikwisha kula kipande usiku. Nikamwambia wasihangaike, ila akipata homa au maumivu ya mwili wiki hizi, hata baada ya mwezi, amweleze daktari kuhusu tikiti lile, asidhani ni malaria moja kwa moja.